ARP ni ya tabaka gani? Swali lililonirudisha ubaoni

Jaribio lenyewe lilikuwa la ukurasa mmoja. Upande wa kushoto niliorodhesha vifaa na itifaki kumi na mbili, upande wa kulia matabaka saba ya mfumo wa OSI, na mwanafunzi alitakiwa kuchora mistari ya kulinganisha. Habu na tabaka la 1, swichi na la 2, rauta na la 3, TCP na la 4, DNS na la 7. Nafundisha mitandao ya kompyuta jioni hapa Kisumu, katika chumba cha ghorofani karibu na Kondele, na wengi wa wanafunzi wangu hufika wakitoka kazini. Jaribio la namna hiyo nililipenda kwa sababu husahihishwa upesi na kila mtu huenda nyumbani akijua alama zake.

Jioni hiyo binti mmoja anayesafiri kutoka Ahero alibaki darasani wenzake walipotoka. Karatasi yake ilikuwa na kosa moja tu. Kutoka kwenye neno ARP, itifaki ambayo kompyuta huitumia kuulizia anwani ya kifaa jirani, alikuwa amechora mistari miwili, mmoja ukienda tabaka la 2 na mwingine la 3, nami nikamkata.

"Mwalimu, samahani," akaniambia, "kitabu nilichoachiwa na kaka yangu kinasema ARP ni tabaka la tatu. Wewe umetufundisha ni la pili. Nifuate kipi?"

Nilimjibu kwamba afuate nilichofundisha darasani. Ni jibu ambalo mwalimu hulitoa akitaka kufunga mlango aende zake, na nilipofika nyumbani lilikuwa bado linanikera. Kitabu cha kaka yake hakikuwa cha ovyo. Mimi pia sikuwa nimekosea. Ina maana swali langu ndilo lililokuwa na kasoro, na kabla sijarudi darasani ilinibidi nijue kasoro hiyo imekaa wapi hasa.

Tuanze na matabaka yenyewe, kwa kifupi. Mfumo wa OSI ulichapishwa na shirika la viwango la ISO mwaka 1984, na unagawa kazi ya kupeleka data katika sehemu saba. La 1 ni la kimaumbile, yaani waya, mawimbi na volti. La 2 ni la kiungo cha data, linalopeleka fremu kutoka kifaa hadi kifaa ndani ya mtandao mmoja. La 3 ni la mtandao, linalopeleka pakiti kutoka mtandao mmoja hadi mwingine. La 4 ni la usafirishaji, la 5 la kikao, la 6 la uwasilishaji, na la 7 la matumizi, ambako programu zenyewe huzungumza. Data ikishuka kutoka juu, kila tabaka huibandikia kichwa chake. Ikifika upande wa pili, vichwa huvuliwa kimoja kimoja.

Wanafunzi huyakariri haya kwa siku moja. Kinachowatatiza ni tofauti ya tabaka la 2 na la 3, kwa sababu yote mawili yana anwani. Darasani huwa natumia mzigo wa basi. Tuseme duka la hapa mjini linamtumia mteja mzigo Kitale. Jina la mteja na neno "Kitale" vimeandikwa kwenye boksi, na havibadiliki njia nzima. Lakini kondakta wa gari la kwanza anaishia Kakamega, na karatasi aliyopewa inamwambia tu amkabidhi nani pale steji ya Kakamega. Akifika, karatasi ile hutupwa, na inaandikwa nyingine ya gari linalopita Webuye kwenda Kitale. Maandishi ya boksi ni anwani ya IP. Karatasi ya kondakta ni anwani ya MAC. Rauta ni karani wa Kakamega: yeye ndiye anayesoma boksi, akaamua gari linalofuata, akaandika karatasi mpya.

Sasa ARP ni nini katika safari hii? Umefika steji na mzigo wako, unajua unatakiwa uende Kakamega, lakini hujui ni gari lipi. Unapaza sauti: "Gari la Kakamega ni lipi?" Wote wanasikia, na mmoja tu anajibu kwa kukutajia namba ya gari lake. Hiyo ndiyo ARP. Kompyuta ina anwani ya IP ya jirani na haina anwani yake ya MAC, basi inatangaza kwa wote, na mwenye IP hiyo anajibu na MAC yake.

Mfano huo unaeleza kazi. Hausemi hata kidogo ni ya tabaka gani. Ukitazama anachouliza mpiga kelele, amelitaja jina la mji, yaani anwani ya tabaka la 3. Ukitazama jibu alilopewa, ni namba ya gari, yaani anwani ya tabaka la 2. Mistari miwili ya yule binti ilikuwa na mantiki yake.

Siku iliyofuata nilibeba laptopu ya Linaksi, swichi ndogo na rauta, nikaacha kufundisha kwa ubao. Niliwaonyesha kinachopita kwenye waya. Amri ni hii:

```
sudo tcpdump -e -n -i eth0 arp or icmp
```

Herufi `-e` ndiyo ya maana kuliko zote hapo, kwa sababu inaonyesha kichwa cha tabaka la 2 ambacho kwa kawaida hufichwa. Kisha kwenye dirisha lingine nikaipigia rauta `ping`, ile amri ya kukiomba kifaa kijibu. Kati ya mistari iliyotokea, nimechukua maombi mawili yaliyotoka kwenye laptopu (nimebadilisha anwani za MAC na kuondoa saa):

```
02:00:00:00:00:23 > ff:ff:ff:ff:ff:ff, ethertype ARP (0x0806),
  length 42: Request who-has 192.168.10.1 tell 192.168.10.23, length 28
02:00:00:00:00:23 > 02:00:00:00:00:01, ethertype IPv4 (0x0800),
  length 98: 192.168.10.23 > 192.168.10.1: ICMP echo request, id 7, seq 1, length 64
```

Niliwaomba wafanye hesabu badala ya kukisia. Mstari wa kwanza una baiti 42, na ujumbe wa ARP wenyewe ni baiti 28. Zinazobaki ni 14, na kichwa cha Ethaneti ni baiti 14 hasa: sita za MAC ya mpokeaji, sita za mtumaji, na mbili za aina ya mzigo. Hakuna baiti iliyobaki ya kuweka kichwa cha IP. Mstari wa pili una 98, ujumbe wa ICMP ni 64, zinabaki 34. Toa 14 za Ethaneti, unapata 20, na kichwa cha IP kisicho na nyongeza ni baiti 20.

Kijana mmoja wa nyuma akalisema kabla sijalisema mimi: "Kumbe ARP haipandi IP kabisa. Inapanda Ethaneti moja kwa moja."

Ndivyo ilivyo. Zile namba za aina ya mzigo, 0x0806 na 0x0800, ziko sambamba. Kwa Ethaneti, ARP na IP ni abiria wawili wa gari moja. Na kwa kuwa ARP haina kichwa cha IP, rauta haina cha kusoma ili iipeleke mbele, kwa hiyo tangazo lile linakoma ndani ya mtandao ule ule. Kelele za steji ya Kisumu hazisikiki Kakamega. Kipimo cha kwanza basi ni hiki: nani ameibeba? Kwa kipimo hicho ARP ni jirani wa tabaka la 2, na mimi nilikuwa sahihi.

Laiti mambo yangeishia hapo, ningeandika kanuni ubaoni na tungeendelea. Lakini kipimo hicho kikitumika peke yake kinaharibu jibu linalofuata. ICMP, ile inayotumiwa na `ping`, imebebwa ndani ya IP, kama tulivyoona kwenye zile baiti 20. TCP nayo imebebwa ndani ya IP. Kichwa cha IP kina sehemu inayotaja aina ya mzigo wake: 1 ni ICMP, 6 ni TCP, 17 ni UDP. Ikiwa mbebaji peke yake ndiye anayeamua tabaka, basi ICMP na TCP zingekuwa tabaka moja. Hakuna kitabu cha maana kinachosema hivyo. ICMP iko tabaka la 3, kwa sababu kazi yake ni kumhudumia IP: kuripoti kwamba pakiti haikufika, kwamba muda wake umekwisha njiani, kwamba mwenyeji yupo au hayupo. Haisafirishi data ya programu yoyote, wala haina namba ya poti. Wanafunzi huniuliza mara nyingi `ping` inatumia poti ipi. Haitumii poti, maana poti ni mali ya tabaka la 4 na ICMP haikufika huko.

Kipimo cha pili basi ni kazi: inamhudumia nani? Kwa kipimo hiki ICMP inatulia pale ilipo. Lakini ARP inaanza kuyumba, kwa sababu anayeihitaji ni IP. Ethaneti yenyewe haijui lolote kuhusu 192.168.10.1 wala haijali. Mwandishi wa kitabu cha kaka alitumia kipimo cha pili. Mimi nilitumia cha kwanza. Na hakuna kati yetu aliyewaambia wasomaji kwamba alikuwa anapima kwa rula gani.

Tofauti hii huwa kubwa zaidi kwenye itifaki za kutafuta njia. OSPF imebebwa na IP moja kwa moja, kwa namba 89. RIP imebebwa na UDP, poti 520. BGP imebebwa na TCP, poti 179. Zote tatu zinafanya kazi ya namna moja, yaani kuzijulisha rauta njia zilizopo, na kazi hiyo ni ya tabaka la 3. Ukipima kwa anayebeba, BGP ni programu ya tabaka la 7 kama nyingine yoyote inayofungua poti ya TCP. Ukipima kwa kazi, inaungana na OSPF. Nimewahi kuona maswali ya kuchagua yakitaka jibu moja hapa bila kufafanua, na naamini maswali hayo hayapimi ujuzi wa mwanafunzi. Yanapima amesoma kitabu kipi.

Chanzo cha fujo yote hii ni tarehe. Maelezo ya IP na ICMP yalitoka mwaka 1981. ARP ilielezwa na David Plummer katika hati RFC 826 ya Novemba 1982. OSI ikachapishwa 1984. Itifaki tunazozilinganisha na matabaka saba hazikushonwa kwa kipimo cha matabaka hayo. Zilikuwa zimeshavaliwa, ndipo kabati lenye droo saba likaletwa. Waliotunza mtandao wa TCP/IP walikuwa na matabaka yao manne, yaliyowekwa wazi katika RFC 1122 mwaka 1989: kiungo, intaneti, usafirishaji na matumizi. Humo ARP imejadiliwa ndani ya sura ya kiungo, na ICMP ndani ya sura ya intaneti. Mwanafunzi akinitaka nimpe hati ya kutegemea, hiyo ndiyo naitegemea, na ndiyo sababu bado nasema tabaka la 2 nikilazimishwa kuchagua moja.

Vifaa vina ubishi wao, ila unaondoka haraka ukiuliza swali lililo sawa. Kwa kifaa mimi huuliza: kinasoma nini kabla ya kuamua kupeleka wapi? Habu haisomi chochote. Inachopokea kwenye tundu moja inakirudia kwenye matundu mengine yote, kama ripita, basi ni tabaka la 1. Swichi inasoma MAC ya mpokeaji, tabaka la 2. Rauta inasoma IP ya mpokeaji, tabaka la 3. Kumbuka nimesema kuamua. Swichi inabeba pakiti za IP kutwa nzima, ila haizifungui.

Wanaponasa wanafunzi wangu ni kile kisanduku cha nyumbani ambacho kila mtu anakiita rauta. Ndani ya kisanduku hicho mna swichi (yale matundu manne ya nyuma), mna kifaa cha kurusha Waifai, mna rauta yenyewe, na mna programu ya DHCP inayogawa anwani. Pia hubadilisha anwani za ndani kuwa moja ya nje, na ili ifanye hivyo inasoma hadi namba za poti za tabaka la 4. Mwanafunzi anayekijua kisanduku hiki tu, ukimwambia rauta ni tabaka la 3, anahisi unamdanganya. Ana haki ya kuhisi hivyo. Swali la mtihani linazungumzia kazi ya kuelekeza pakiti, si plastiki inayouzwa dukani.

Kuna njia rahisi ya kuona ni kazi ipi imetumika. Kila rauta inayopitisha pakiti hupunguza moja kwenye hesabu iitwayo TTL ndani ya kichwa cha IP. Swichi haiigusi. Nilipiga `ping` kutoka laptopu hadi laptopu nyingine ya Linaksi kupitia matundu ya kisanduku kimoja, jibu likaonyesha `ttl=64`, ile ile iliyoanza nayo. Kisha nikaiweka ile laptopu ya pili upande wa pili wa rauta, katika mtandao mwingine. Ikawa `ttl=63`. Mara ya kwanza kisanduku kilifanya kazi ya swichi, mara ya pili kazi ya rauta, na plastiki ni ile ile.

Haya yote yangeweza kubaki ya darasani, lakini wiki ile ile mama mmoja mwenye saiba karibu na soko la Kibuye alinipigia simu. Printa yake ilikuwa inachapa asubuhi na kugoma mchana. Ana kompyuta sita, printa moja yenye kebo ya mtandao, na Waifai anayowapa wateja wanaosubiri. Alikuwa ameshabadilishiwa kebo. Alikuwa ameshanunua swichi mpya. Fundi mmoja alikuwa amefuta na kuweka upya programu ya printa kwenye kompyuta zote sita, akalipwa, na mchana wake printa ikagoma tena.

Nilipofika nilianza chini kupanda juu, kama tunavyofundisha. Taa za swichi zilikuwa zinawaka, na printa ilikuwa na taa ya kijani kwenye tundu lake: tabaka la 1 zima, na la 2 halionekani kuwa na shida. Printa ilikuwa imewekewa anwani kwa mkono, 192.168.10.50. Niliipigia `ping`, ikajibu mara nne kati ya nne. Hapo ndipo yule fundi alipoishia, na simlaumu. Matabaka matatu ya chini yanaonekana mazima, kwa hiyo anapanda juu kwenda kwenye programu.

Jambo lililonizuia kupanda lilikuwa dogo. Nilimwomba mama azime printa kabisa, nikachomoa na kebo yake. Kisha nikapiga `ping` tena.

Ikajibu.

"Mwalimu, inajibuje na imezimwa?" mama aliuliza, na aliuliza vizuri, kwa sababu ndilo swali lenyewe. Ping haikuambii printa ipo. Inakuambia kuna mtu anayejibu kwa anwani hiyo. Kumjua ni nani inabidi ushuke tabaka moja, kwenye orodha ya ARP:

```
C:\> arp -a 192.168.10.50

Interface: 192.168.10.23 --- 0xb
  Internet Address      Physical Address      Type
  192.168.10.50         d6-4f-20-9a-71-0c     dynamic
```

Nikageuza printa na kusoma kibandiko cha nyuma. MAC yake ilianza na 00. Ile iliyokuwa ikijibu ilianza na d6, na tarakimu ya pili, 6, ni ya kuangaliwa. Tarakimu ya pili ya MAC ikiwa 2, 6, A au E, anwani hiyo haikutolewa kiwandani, imetungwa na programu. Simu za siku hizi hutunga MAC ya namna hiyo zinapojiunga na Waifai ili zisifuatiliwe. Aliyekuwa akijibu kwa jina la printa alikuwa simu ya mteja.

Mambo yalikuwa yamekwenda hivi. Rauta iliwekwa igawe anwani kutoka 192.168.10.2 hadi 192.168.10.254, na haikuambiwa kwamba .50 ina mwenyewe. Mama, kwa kubana tokeni za stima, alikuwa akizima printa pasipo na kazi. Printa ikiwa imelala, .50 inaonekana tupu, na mteja wa mchana akijiunga huenda akapewa hiyo. Printa ikiwashwa, wenye anwani wanakuwa wawili. Kompyuta ikitangaza "nani ana .50?" wote wanajibu, na kompyuta inaweka kwenye orodha yake jibu moja, ambalo linaweza kuwa la printa au la simu. Printa ile kuukuu haikutoa onyo lolote. Ndiyo maana hitilafu ilikuja na kuondoka, na ndiyo maana kompyuta moja iliweza kuchapa huku ya pembeni yake ikigoma. Asubuhi wateja wa Waifai ni wachache, kwa hiyo asubuhi kulikuwa shwari.

Tiba ilikuwa ya dakika tano. Nilifungua ukurasa wa rauta, nikapunguza mgao wa DHCP uanze .100 na uishie .200, nikaizima na kuiwasha Waifai ili simu ziombe anwani upya, kisha nikafuta kumbukumbu ya zamani kwenye kila kompyuta kwa `arp -d *`, amri inayotaka dirisha lililofunguliwa kama msimamizi. Printa ilibaki na .50 yake, sasa ikiwa nje ya mgao.

Nilirudi darasani na kisa hicho kama swali: hitilafu ilikuwa tabaka la ngapi? Niliwaacha wabishane nusu saa. Waliosema la 3 walikuwa na hoja, kwa kuwa kilichogongana ni anwani za IP. Waliosema la 7 walikuwa na hoja, kwa kuwa aliyeigawa vibaya ni DHCP, na DHCP ni programu inayotumia UDP, poti 67 na 68, hata kama kazi yake ni kumpa mtu anwani ya tabaka la 3. Waliosema la 2 walikuwa na hoja iliyo dhaifu kidogo, kwamba ushahidi ulionekana kwenye MAC. Niliwaeleza kwamba mahali ushahidi unapoonekana na mahali kosa lilipo ni vitu viwili, na katika kisa hiki kosa limefanyika la 7, limeharibu la 3, na limeonekana la 2. Jibu la namna hiyo halichoreki kwa mstari mmoja.

Basi nimelitunga jaribio upya. Mistari ya kulinganisha imebaki kwa yale yasiyo na ubishi: habu, swichi, rauta, TCP, UDP, DNS, HTTP. Kwa ARP, ICMP, BGP na DHCP mwanafunzi hujaza nafasi tatu: nani anaibeba, inafanya kazi ya nani, na je, inavuka rauta. Alama ziko kwenye hizo nafasi tatu. Namba ya tabaka anaiandika mwishoni, akitaja amepima kwa kipi. Nimeondoa kabisa maswali ya tabaka la 5 na la 6, kwa sababu itifaki za TCP/IP hazina vyumba viwili hivyo, na kila nilipouliza nilikuwa nawapima ukariri tu. Yule binti wa Ahero nilimrudishia alama yake.

Wiki iliyopita ndiye aliyeniletea jambo jingine. Alikuwa amejaribu ile amri ya `tcpdump` nyumbani kwa IPv6, akiweka `icmp6` mahali pa `icmp`, akatafuta ARP asiione. Alikuja na mstari huu ameunakili kwenye daftari:

```
ethertype IPv6 (0x86dd), length 86: fe80::23 > ff02::1:ff00:1:
  ICMP6, neighbor solicitation, who has fe80::1, length 32
```

Ni swali lile lile la "nani ana anwani hii?", ila sasa limeulizwa ndani ya ICMPv6, na ICMPv6 imebebwa na IPv6. Alikuwa ameshafanya hesabu pembeni: 86, toa 32, toa 14, zinabaki 40, kichwa cha IPv6. Mbebaji na kazi sasa vinaelekea tabaka moja, la 3.

"Lakini Mwalimu, kama iko ndani ya IP, si rauta inaweza kuipeleka mbele?"

Nilimwonyesha aongeze `-v` kwenye amri, aangalie neno `hlim`, ambalo kwa IPv6 ndiyo ile hesabu ya TTL. Lilikuwa 255. Ujumbe huo lazima utumwe na 255, na anayeupokea akiukuta na pungufu ya hapo anautupa, maana pungufu inaonyesha umepitia rauta. Akainama juu ya daftari, akajaza nafasi tatu: imebebwa na IPv6, kazi ni ya IPv6, haivuki. Halafu akachora mstari mmoja.